Wavuvi wa dagaa wapangiwe zamu kwa saa ya mwili

KATIKA madiko ya Pemba, kuanzia Tumbe kaskazini hadi Wesha kwa upande wa Chake Chake, kalenda ya mvuvi wa dagaa haiko ukutani. Iko angani. Mwezi ukiwa mkubwa, taa ya chombo haivuti samaki kwa kuwa bahari yote ina mwanga, hivyo vyombo hupumzika. Giza likirudi, taa huwashwa na watu hukesha.

Ajali ya chombo cha usiku inapotokea, wahusika huuliza maswali yaleyale: Je, upepo ulikuwaje? Mashine ilikuwa nzima? Makoti ya kujiokolea yalikuwamo? Maswali hayo ni ya haki na hatuyapingi. Lakini lipo jingine ambalo haliulizwi kabisa. Nahodha aliyekuwa ameshika usukani alikuwa macho kwa saa ngapi, na ilikuwa saa ngapi ndani ya mwili wake?

Tunalileta swali hili kwa sababu linagusa mfuko na uhai wa watu wengi kisiwani: mvuvi, mwenye chombo, kina mama wanaochemsha na kuanika dagaa, na mchuuzi anayesubiri ndoo ufukweni alfajiri. Na jibu lake halihitaji fedha za wafadhili. Linahitaji kupanga.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Ndani ya ubongo wa binadamu, nyuma ya macho, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya macho mawili inapishana, pana kifundo kidogo sana cha chembe hai. Hicho ndicho saa ya mwili. Kifundo hicho huuambia mwili wakati wa kupandisha joto na wakati wa kulishusha, wakati wa kuleta njaa, na wakati wa kumwaga katika damu kemikali iitwayo melatonini ambayo hutangaza kuwa usiku umeingia. Wanasayansi watatu wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2017 kwa kugundua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe.

Saa hii ina kasoro moja ndogo. Kwa watu wengi mzunguko wake unazidi saa 24 kwa dakika chache. Ingeachwa peke yake gizani, ingechelewa kidogo kila siku. Kinachoirudisha kwenye mstari ni mwanga, na hasa mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Wazee wetu walioanza kuhesabu saa pale jua linapochomoza, saa moja ikawa baada ya mapambazuko, hawakuwa mbali na ukweli huo. Na hapa Pemba, karibu na mstari wa ikweta, wakati wa kuchomoza jua haubadiliki kwa saa nzima kutoka mwanzo wa mwaka hadi mwisho wake. Saa ya mwili wa Mpemba, basi, hurekebishwa kila siku na jua lisilobadilika sana.

Kutokana na saa hiyo, kila mtu ana shimo lake la usiku. Kwa mtu aliyezoea kulala usiku, shimo hilo huanza kiasi cha saa nane usiku na kufika chini kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Ndipo joto la mwili linapokuwa dogo kuliko wakati wowote. Wavuvi wanaijua baridi ile ya alfajiri inayoingia hata kukiwa hakuna upepo. Sehemu ya baridi hiyo haitoki baharini, inatoka mwilini. Ndani ya saa hizo macho huona kwa kuchelewa, mkono hujibu kwa kuchelewa, na hesabu rahisi hukosewa.

Watu wengi hufikiri kuwa mwenye kuzoea kazi ya usiku hugeuza saa yake, akawa kama popo. Uchunguzi uliofanywa kwa wafanyakazi wa viwandani na hospitalini katika nchi nyingi umeonyesha kuwa sivyo. Hata miongoni mwa wanaofanya kazi ya usiku miaka nenda miaka rudi, ni wachache ambao saa zao hugeuka sawasawa. Sababu ni ileile: wakirudi nyumbani asubuhi jua huwapiga machoni, na saa hurudishwa palepale ilipokuwa. Mvuvi anayerejea jua likichomoza mbele yake, tena juu ya maji yanayong'aa, hupata mwanga huo mwingi zaidi kuliko mlinzi anayetoka mlangoni mwa duka.

Sasa tuje kwenye mwezi, maana hapa ndipo kazi ya dagaa inapotofautiana na zamu za kiwandani. Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza na kuchelewa kuzama kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo saa za giza nazo huhama.

Baada ya mwezi mpevu, giza huwa la mwanzo wa usiku. Ikifika mwezi ishirini na mbili hivi, mwezi huchomoza karibu na saa sita usiku. Mvuvi huweza kuvua tangu magharibi, akamaliza mapema na kulala sehemu ya usiku. Ukifika mwezi mwandamo, giza ni la usiku kucha. Baada ya hapo mambo hugeuka. Mwezi mchanga huwa tayari angani jioni na huzama baadaye kila siku. Mwezi saba huzama karibu na saa sita usiku, na mwezi kumi huzama kwenye saa nane. Giza lenye faida sasa ni la mwisho wa usiku, kuelekea alfajiri.

Msomaji aangalie maana yake. Katika nusu ya kwanza ya msimu wa giza, kazi na saa ya mwili havigombani sana. Katika nusu ya pili, saa za kazi nzito zinaangukia ndani ya lile shimo. Tena mvuvi anaingia humo akiwa amekwisha kukesha siku kumi au zaidi, kila siku akilala pungufu. Usingizi uliopungua hauyeyuki. Hukaa kama deni dukani, na hukua.

Kwa hesabu hiyo, usiku unaostahili kuogopwa zaidi si ule wa giza totoro la mwezi mwandamo, kama wengi wanavyodhani. Ni usiku wa kuanzia mwezi tano hadi mwezi kumi, wakati kuna mbalamwezi nzuri ya jioni na kila mtu ana moyo mkunjufu.

Tuchukue mfano wa chombo kimoja usiku wa mwezi saba. Mvuvi ameamka saa kumi na moja alfajiri kwa sala. Mchana ameshona nyavu, ametafuta mafuta ya mashine, amekaa barazani. Hakulala. Saa moja usiku chombo kinatoka. Wanafika kwenye mwamba wao, wanatia nanga na kusubiri mwezi uzame, huku wakizungumza. Saa sita taa zinaanza kufanya kazi. Wanazungusha nyavu mara ya kwanza saa nane, mara ya pili saa tisa na nusu. Saa kumi na moja wanageuza chombo kurudi dikoni.

Wakati huo mvuvi huyu ametimiza saa 24 bila ya usingizi, na yuko katikati ya shimo. Mwaka 1997 watafiti wawili nchini Australia, Dawson na Reid, walitangaza matokeo ya kupima jambo hili. Waliwapa watu jaribio la macho na mkono, mara moja wakiwa wamekesha na mara nyingine wakiwa wamekunywa ulevi uliopimwa. Aliyekaa macho saa 17 alifanya vibaya sawa na mwenye ulevi wa asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi dereva hukamatwa. Aliyetimiza saa 24 alifanana na mwenye asilimia 0.10. Mtu ambaye hajaonja ulevi maishani mwake anaweza, kwa kukesha tu, kushika usukani kama mlevi.

Na ubaya wake ni kuwa hajijui. Mlevi huyumba, watu wakamwona. Aliyekesha hupatwa na usingizi wa sekunde tatu au nne huku macho yake yakiwa wazi au nusu wazi, kisha huzinduka na kuendelea. Ukimwuliza atakwambia hakulala. Boti yenye mashine inayokwenda noti kumi hukata mita tano kila sekunde. Katika sekunde nne imekwenda mita 20 bila nahodha. Karibu na miamba, au mbele ya ngalawa isiyo na taa, mita 20 ni nyingi.

Bahari kubwa zimekwisha kutoa somo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Machi 1989, dakika chache baada ya saa sita, meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska na kumwaga baharini kiasi cha lita milioni 40 za mafuta. Magazeti yalimwandama nahodha. Lakini bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, katika kutaja sababu, iliweka pia uchovu na wingi wa kazi wa ofisa wa tatu, aliyekuwa akiongoza meli saa ile. Kama meli yenye rada na mabaharia waliosomea inaweza kuponzwa na usingizi, boti ya futi 30 haina kinga yoyote.

Hasara haiishii majini. Chombo kinapofika, ndipo bei ya ndoo inapokubaliwa, mafuta yanapohesabiwa na mgao unapopigwa, yote hayo na watu ambao vichwa vyao viko katika saa mbaya kuliko zote. Ugomvi wa mgao unaozuka dikoni alfajiri mara nyingi hausababishwi na wizi. Ni hesabu iliyofanywa na mtu aliyekesha, akibishana na mwingine aliyekesha.

Kina mama nao wasisahauliwe. Mwanamke anayepokea dagaa huwasha moto kabla ya mapambazuko, huchemsha kwa maji ya chumvi, kisha huanika. Siku za mwezi mwandamo huwa pia ni siku za bamvua, na bahari yetu hutoka sana majira ya saa nne asubuhi. Kama ana shamba la mwani, lazima ashuke pwani saa hiyohiyo. Kwa hiyo siku za dagaa wengi na siku za mwani humwangukia pamoja, na saa ya kulala haipo. Maji yanayotokota na mtu anayesinzia ni vitu viwili visivyofaa kuwekwa jiko moja.

Nini kifanyike? Hatusemi watu waache kuvua usiku. Dagaa hawavuliwi mchana, na saa ya mwili haigeuzwi kwa amri. Tunasema zamu zipangwe kwa kuifuata.

La kwanza ni usingizi kabla ya kazi. Kulala asubuhi baada ya kurudi hakutoshi, kwa sababu joto la mwili huwa linapanda na mtu huzinduka baada ya saa nne au tano hata kama hana kelele. Lazima aongeze mchana. Kati ya saa nane na saa kumi alasiri mwili hulegea kidogo wenyewe, na usingizi huja kwa wepesi. Mvuvi aliyelala saa moja na nusu wakati huo, siku za mwezi tano hadi kumi, huingia baharini akiwa mtu mwingine. Mwenye chombo asimpe kazi ya nyavu saa hizo. Kazi hiyo ifanywe asubuhi na wasiokwenda baharini, au ingoje mbalamwezi.

La pili ni zile saa za kusubiri mwezi uzame. Leo zinapotea kwa mazungumzo. Zigawanywe: nusu ya watu walale, nusu wakae macho, kisha wabadilishane. Wakala wa anga za juu wa Marekani uliwahi kuwapima marubani wa safari ndefu waliopewa dakika 40 za kupumzika kwa zamu kitini. Walilala kwa wastani wa dakika 26 tu, na bado walikuwa wepesi na makini zaidi mwisho wa safari kuliko wenzao ambao hawakulala. Sharti moja lisisahauliwe: anayeamshwa asipewe usukani papo hapo. Kichwa huhitaji kiasi cha dakika 20 kukaa sawa.

La tatu ni kuchagua nani akae macho lini. Hapa somo liko Tanzania hiihii. Mwaka 2017 watafiti walieleza jinsi walivyowapima Wahadzabe 33, wa karibu na Ziwa Eyasi, kwa muda wa siku 20. Katika siku zote hizo, dakika ambazo watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wenye umri mkubwa walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa kulala na kuchelewa kuamka, na hivyo kambi ilikuwa na macho usiku kucha bila ya mtu kupangwa. Chombo chenye vijana na wazee kina hazina hiyohiyo. Vijana washike zamu ya mwanzo wa usiku. Mzee aliyelala mapema wakati wa kusubiri mwezi ndiye arudishe chombo alfajiri. Kwa kawaida tunafanya kinyume: mzee hukesha kwa kuwa ndiye nahodha, na kijana aliyelewa usingizi hupewa usukani wa kurudia.

La nne ni kahawa. Inasaidia, lakini huanza kufanya kazi baada ya nusu saa, na baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini. Inywewe saa sita au saa saba usiku. Anayeinywa saa kumi na moja akirudi nyumbani ameuza usingizi wake wa asubuhi.

La tano, bei ya ndoo na utaratibu wa mgao vikubaliwe jioni kabla ya kuondoka, na hesabu yenyewe ifungwe alasiri baada ya watu kulala. Alfajiri ihesabiwe idadi ya ndoo tu, na iandikwe na mtu aliyelala usiku.

Wafanyabiashara wasidhani kuwa haya ni ya wavuvi peke yao. Shimo la alfajiri husafiri na mtu. Anayekwenda Makka hapati shida ya saa, kwa kuwa saa ya huko ni sawa na yetu. Maskati na Dubai zimetutangulia saa moja tu. Lakini Guangzhou, China, ambako wengi huagiza bidhaa, iko mbele kwa saa tano. Maduka yakifunguliwa saa tatu asubuhi, mwilini mwa mgeni bado ni saa kumi alfajiri. Mwenye duka amelala, mnunuzi amekesha, na mezani kuna hesabu ya mizigo. Kwa safari ya kuelekea mashariki mwili husogea kiasi cha saa moja kwa siku, hivyo siku tano zitapita kabla haujakaa sawa. Asiyeweza kungoja apange mazungumzo yake ya siku mbili za mwanzo baada ya saa nane mchana ya huko, ambayo mwilini mwake ni saa tatu asubuhi, na asiweke saini kabla ya hapo.

Kwa viongozi tunasema hivi. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa sera yake ya uchumi wa buluu, imewagawia wavuvi boti za kisasa zenye mashine. Boti yenye kasi humfikisha mtu mbali zaidi, na humpa muda mfupi zaidi wa kusahihisha kosa. Mafunzo yanayoambatana na boti hizo yasiishie kwenye mashine na makoti. Maofisa wa uvuvi wawafundishe manahodha dalili za aliyekesha: anayeitwa mara mbili ndipo ajibu, anayehesabu maboya mara ya pili, asiyekumbuka kipande cha njia alichokwisha kupita, na anayeacha chombo kiende upande kisha akakirudisha kwa ghafla. Dalili moja kati ya hizo inatosha kumtoa mtu kwenye usukani.

Kamati za wavuvi za vijiji nazo zina uwezo wa kufanya jambo dogo kesho. Kila chombo kinapoondoka kuanzia mwezi tano hadi mwezi kumi, aulizwe nahodha: ni nani atakayerudisha chombo, na leo amelala saa ngapi? Asiyeweza kumtaja mtu aliyelala walau saa moja na nusu mchana huo, angoje mpaka ampate.

Mwezi hautabadili mwendo wake kwa ajili yetu, wala saa ya mwili haitasikiliza haja ya kipato. Kinachoweza kubadilika ni zamu ya watu wanane ndani ya chombo kimoja.